Hatua −30,570: Jinsi Simu Inavyohesabu Mwendo Wako, na Inavyokosea

Mtu ametoka nyumbani Sinza asubuhi, amehangaika mjini kutwa, na jioni anafungua programu ya mazoezi kwenye simu ili ajue ametembea kiasi gani. Programu inamwambia: leo umetembea hatua −30,570. Si kwamba hatua ni chache, bali ziko chini ya sifuri. Hata angetembea kinyumenyume tangu alfajiri asingefika huko.

Simu haijaharibika, na kihesabu hatua kilichomo ndani yake kimefanya kazi sawasawa. Aliyekosea ni mtu aliyeandika programu. Alidhani kihesabu hicho kinajua siku ni nini, kumbe hakijui.

Mwaka 2013, Android ilipofika toleo la 4.4, programu za simu zilipewa njia rasmi ya kuuliza hatua kutoka kwa chipu ndogo inayohesabu mwendo peke yake, hata kichakato kikuu cha simu kikiwa kimelala. Mwaka huohuo Apple nao waliweka chipu ya aina hiyo, M7, ndani ya iPhone 5s. Faida yake kubwa ni betri. Kuiamsha simu nzima mara hamsini kila sekunde ili tu itazame kama mwenyewe ameinua mguu ni gharama, na betri ingekwisha kabla ya jioni. Chipu ya pembeni hufanya kazi hiyo kwa umeme kidogo sana.

Kwenye Android kihesabu hiki huombwa kwa jina `TYPE_STEP_COUNTER`, na hurudisha namba moja tu: jumla ya hatua tangu simu ilipowashwa mara ya mwisho. Haianzi upya saa sita usiku, wala programu inapofunguliwa. Simu isipozimwa kwa wiki tatu, namba inaendelea kupanda wiki tatu. Ikizimwa na kuwashwa, inaanza sifuri.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa Sinza. Saa sita usiku kihesabu kilikuwa kwenye 31,420, na programu ikaiandika namba hiyo kama mwanzo wa siku. Saa sita mchana kilisoma 35,910. Ukitoa, unapata hatua 4,490, na mpaka hapo kila kitu ni sahihi. Saa tisa alasiri kilifika 37,020, yaani hatua 5,600 za siku hiyo, kisha betri ikaisha na simu ikazima. Alipopata chaji aliiwasha, akatembea kidogo kuelekea kituoni, kihesabu kikasoma 850. Programu, kwa utiifu wake wote, ikachukua 850 ikatoa 31,420.

Dawa yake ni fupi. Badala ya kutoa namba ya saa sita usiku, programu ilinganishe kila usomaji na ule uliotangulia, na iongeze tofauti kwenye jumla yake yenyewe. Usomaji mpya ukiwa mdogo kuliko wa mwisho, maana yake simu ilizimwa, kwa hiyo namba mpya yote ni hatua mpya:

```kotlin
val ongezeko =
    if (sasa >= mwisho) sasa - mwisho else sasa
jumla += ongezeko
```

Kwa mistari hiyo mtu wetu angeona 5,600 jumlisha 850, yaani 6,450. Bado limebaki tundu moja. Tuseme usomaji wa mwisho ulikuwa 900, simu ikazimwa, ikawashwa, na mwenyewe akatembea hatua 1,400 kabla programu haijapata nafasi ya kusoma tena. Namba 1,400 ni kubwa kuliko 900, kwa hiyo programu itadhani ameongeza hatua 500 tu, na 900 zitapotea kimya kimya. Hili linazibwa kwa kuhifadhi pia namba ya mara ambazo simu imewahi kuwashwa, ambayo Android huitunza kwa jina `BOOT_COUNT`. Ikibadilika, unajua kihesabu kimeanza upya, hata kama namba ya hatua ni kubwa.

Kuna mambo mengine mawili yanayowafanya watu waseme programu ni mbovu wakati si mbovu. La kwanza ni ruhusa. Kuanzia Android 10, mtumiaji lazima aikubalie programu kusoma mwendo wake, ruhusa iitwayo `ACTIVITY_RECOGNITION`. Akibonyeza hapana, hatua hazifiki kwenye programu, na programu isiyoangalia jambo hilo itabaki na sifuri kwenye skrini kutwa nzima bila kumweleza mwenyewe sababu. La pili ni kuchelewa. Kihesabu hiki kinaruhusiwa kuchelewa mpaka sekunde kumi kabla ya kutoa taarifa, kwa sababu kinapendelea usahihi kuliko haraka. Mtu anayetembea huku anaitazama skrini ataona namba imeganda, kisha ghafla inaruka hatua kumi na mbili. Anayetaka kila hatua ionekane mara inapokanyagwa hutumia ndugu yake kihesabu hiki, `TYPE_STEP_DETECTOR`, ambacho huwahi zaidi lakini huwa mwepesi zaidi wa kudanganyika.

Yote hayo ni kwa simu yenye chipu ya hatua. Simu nyingi za bei nafuu hazina. Programu ikiuliza, inajibiwa `null`, na hapo mwandishi wa programu ana njia mbili: amwambie mteja simu yake haifai, au ahesabu hatua mwenyewe kutoka kwenye kihisi ambacho karibu kila simu ya leo inacho, yaani akselerometa, kipima mchapuko. Njia ya pili ni ngumu zaidi, lakini ndiyo itakayokuonyesha kile ambacho chipu ya hatua hukifanya kimya kimya.

Akselerometa ya simu ni kipande cha silikoni ambacho ndani yake kuna uzito mdogo mno ulioning'inizwa kwenye springi za silikoni hiyohiyo. Abiria aliyesimama kwenye daladala husukumwa nyuma gari linapoondoka na kwenda mbele dereva anapofunga breki. Uzito huo nao husogea kidogo simu inapobadili mwendo. Pembeni yake kuna vibao vidogo vya umeme, na nafasi kati yao na uzito ikiongezeka au kupungua, uwezo wao wa kushika chaji hubadilika. Chipu hupima badiliko hilo na kuligeuza namba.

Namba zenyewe ni tatu, moja kwa kila upande: x kuelekea kulia kwa skrini, y kuelekea juu ya skrini, na z kutoka kwenye skrini kuja usoni kwako. Weka simu juu ya meza, skrini ikitazama dari, na utegemee kuona sifuri tatu. Huzioni. Utaona x na y karibu na sifuri, lakini z itakuwa karibu 9.8. Simu imetulia kabisa na bado kihisi kinasema kuna mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Sababu ni kwamba springi zimebeba uzito dhidi ya mvutano wa dunia, na kihisi hakina namna ya kutofautisha kubeba huko na kusukumwa kwenda juu. Ukiidondosha simu, kwa muda ule mfupi iliyo hewani itasoma karibu sifuri. (Tafadhali dondosha kwenye godoro.)

Mfukoni simu haikai kama ilivyokaa mezani. Iko wima, imelala ubavu, au imepinduka kichwa chini, na hujui ni namba ipi kati ya tatu iliyobeba mvutano wa dunia. Njia rahisi ya kuikwepa shida hiyo ni kuziunganisha namba zote tatu kuwa moja isiyojali simu imeelekea wapi:

```kotlin
val m = sqrt(x*x + y*y + z*z)
```

Mtu akisimama, m hukaa karibu 9.8. Akitembea, m hupanda mguu unapotua na mwili unapousukumiza ardhi, kisha hushuka chini ya 9.8 mwili unapopaa kidogo na kuanza kurudi. Kupanda na kushuka mara moja ni hatua moja. Mtu wa mwendo wa kawaida hupiga hatua 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kila sekunde. Ukisoma kihisi mara 50 kwa sekunde, kila hatua inapata vipimo 25 hivi. Ni vingi vya kutosha kuliona wimbi zima likipanda na kushuka.

Kwenye karatasi, kuhesabu kunaonekana rahisi: chora mstari wa kizingiti, mathalani 11.5, na kila m inapouvuka kwenda juu, ongeza moja. Tatizo linaanza unapotazama vipimo vyenyewe. Hivi hapa ni vipimo tisa vya mfano, vya aina utakayoiona mguu unapotua wakati simu iko kwenye mfuko uliolegea, kila kimoja kikiwa milisekunde 20 baada ya mwenzake:

```
9.6  10.1  11.8  11.0  12.9  12.1  11.0  9.9  9.1
```

Fuata kizingiti cha 11.5. Namba inapanda kutoka 10.1 hadi 11.8: imevuka, hatua moja. Inashuka hadi 11.0, kisha inapanda hadi 12.9: imevuka tena, hatua ya pili. Lakini mguu ni mmoja na umetua mara moja. Kilichotokea pale kwenye 11.0 ni simu kugonga paja na kurudi, au nguo kuvuta, au umeme wa kihisi chenyewe kutetemeka. Kwa mwendo huo, mtu atakayetembea hatua elfu tatu anaweza kusomewa elfu tano, naye atafurahi sana mpaka siku atakapotembea pamoja na mwenzake mwenye simu nyingine.

Tiba ya kwanza ni kulainisha. Badala ya kutumia kipimo kama kilivyo, chukua wastani wa vipimo vitatu vinavyofuatana, kisha sogea kimoja mbele uchukue wastani wa vitatu vinavyofuata, na kuendelea. Tatu za kwanza, 9.6, 10.1 na 11.8, wastani wake ni 10.5. Tatu zinazofuata ni 11.0. Ukienda hivyo mpaka mwisho unapata:

```
10.5  11.0  11.9  12.0  12.0  11.0  10.0
```

Lile shimo la katikati limetoweka. Namba zinapanda, zinafika kilele, zinashuka, na kizingiti kinavukwa mara moja tu. Angalia pia tulicholipa: kilele kimeshuka kutoka 12.9 hadi 12.0. Kila kulainisha kunakata vilele vya kweli pamoja na vya uongo.

Hapo ndipo waandishi wengi wa programu huharibu. Wakiona wastani wa vipimo vitatu umesaidia, wanajaribu vitano, kisha kumi, kisha ishirini na tano, na kila mara mchoro kwenye skrini unazidi kupendeza. Wanaiachia programu kwa watumiaji, halafu inaingia lawama ya ajabu: mtu mzima anayetembea taratibu anahesabiwa, ingawa si vizuri sana, lakini kijana anayetembea haraka anasomewa sifuri.

Hesabu yake ni hii. Vipimo 25, kila kimoja kikichukua milisekunde 20, ni nusu sekunde kamili. Kijana anayepiga hatua 120 kwa dakika anapiga moja kila nusu sekunde. Kwa hiyo popote unapoanzia, ule wastani wa vipimo 25 unafunika hatua nzima, na kupanda kwake na kushuka kwake vyote vimo ndani. Vinafutana. Kinachobaki ni mstari ulionyooka karibu na 9.8, kana kwamba amesimama. Anayetembea taratibu, hatua 90 kwa dakika, hatua yake ni ndefu kuliko nusu sekunde, hivyo wastani haumfunikii yote na karibu theluthi moja ya wimbi lake inasalia. Kizingiti kikiwa chini, theluthi hiyo inatosha kumhesabu. Programu haikuwa na chuki na vijana; ilikuwa na dirisha la wastani lenye urefu sawasawa na hatua zao.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ulainishe kiasi gani, jiulize kwanza jambo unalolitafuta huchukua muda gani. Hatua huchukua kati ya theluthi moja ya sekunde na sekunde nzima. Migongano ya mfukoni huchukua milisekunde chache hadi mia moja. Kichujio kizuri hukaa katikati ya hayo mawili. Kwa vipimo 50 kwa sekunde, wastani wa vipimo vitano, yaani milisekunde 100, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuna uchafu mmoja ambao wastani hauwezi kuuponya, bali huusambaza. Tuseme funguo zimegonga simu mara moja na vipimo vikawa 10, 10, 38, 10, 10. Wastani wake ni 15.6, juu kabisa ya kizingiti chochote, na utakaa juu kwa vipimo vitano mfululizo. Ukivipanga vipimo hivyo kwa ukubwa na kuchukua cha katikati, unapata 10, na ile 38 haina sauti. Kipimo cha katikati kitangulie, wastani ufuate.

Wengi hawatumii wastani wa dirisha, bali kichujio kinachokumbuka namba moja tu na kuisogeza kidogo kuelekea kila kipimo kipya. Ni chepesi, hakihitaji kuhifadhi orodha, na kimejaa kwenye mifano ambayo watu hunakili. Mara nyingi hunakiliwa kikiwa na namba isiyobadilika, kwa mfano 0.2: kila kipimo kipya kikifika, sogea asilimia 20 ya umbali uliobaki. Namba hiyo peke yake haina maana yoyote mpaka ujue vipimo vinakuja kwa kasi gani.

Kwa vipimo 50 kwa sekunde, kichujio cha 0.2 huacha theluthi mbili za wimbi la mtu anayepiga hatua mbili kwa sekunde. Kinafaa. Sasa chukua programu hiyohiyo, bila kubadili herufi, uiweke ipokee vipimo vitano kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya Android usipotaja nyingine, `SENSOR_DELAY_NORMAL`. Namba ileile 0.2 sasa inaacha karibu sehemu moja ya tisa ya wimbi. Programu iliyohesabu vizuri kwenye simu ya mwandishi inakuwa kiziwi kwenye mipangilio mingine. (Na vipimo vitano kwa sekunde ni viwili na nusu kwa kila hatua, hata bila kichujio, hapo huoni wimbi, unabahatisha.)

Tena kasi unayoiomba Android ni ombi, si amri. Ukiomba kipimo kila milisekunde 20 unaweza kupewa kila 10, au 18, au mara 20 mara 23. Ndiyo maana kila kipimo huja na saa yake, `timestamp`, kwa nanosekunde, na mwandishi makini huitumia hiyo kujua muda uliopita badala ya kudhania:

```kotlin
val a = dt / (tau + dt)
laini += a * (m - laini)
```

Hapa `dt` ni sekunde zilizopita tangu kipimo cha mwisho, na `tau` ni muda unaouchagua wewe. Weka `tau` iwe 0.08. Vipimo vikija kila sekunde 0.02, `a` inajitokeza yenyewe kuwa 0.2. Vikija kwa mpangilio mwingine, `a` inajirekebisha, na ulainishaji unabaki wa muda uleule.

Kichujio hichohicho kinatumika mara ya pili kwa kazi tofauti. Vihisi vya simu havilingani: simu moja ikiwa mezani inasoma 9.6, nyingine 10.1. Kizingiti cha 11.5 kwa hiyo ya kwanza kiko mbali, kwa ya pili kiko karibu. Endesha kichujio kingine chenye `tau` ya sekunde 1. Kwa uzito wake hakiwezi kufuata hatua. Kinakaa kwenye kiwango cha utulivu cha simu hiyo, chochote kile. Toa kiwango hicho kwenye wimbi laini, na sasa kila simu inazungumza lugha moja: sifuri ni utulivu, juu yake ni kutua kwa mguu, chini yake ni kupaa.

Baada ya hapo kuhesabu kunakuwa na masharti mawili. Wimbi livuke +1.0, na kabla ya hatua nyingine kufikiriwa lazima kwanza lishuke chini ya −0.5. Mtikisiko mdogo unaocheza karibu na kizingiti hautaweza kuhesabiwa mara tano, kwa sababu haushuki vya kutosha. Pili, hatua mbili zisikaribiane kuliko milisekunde 250. Hiyo ni sawa na hatua 240 kwa dakika, kasi ambayo mtu wa mazoezi ya kawaida haifikii hata akikimbia.

Kwa masharti hayo, programu itahesabu vizuri mtu akitembea. Swali gumu zaidi ni itafanya nini asipotembea. Panda daladala kwenye barabara ya vumbi, au bodaboda, na m itacheza juu na chini kwa nguvu kuliko hatua yoyote. Hakuna ulainishaji utakaokuokoa, kwa sababu baadhi ya mitikisiko hiyo ina muda uleule wa hatua. Kinachotofautisha ni mpangilio. Hatua za mtu hufuatana kwa nafasi zinazokaribiana sana: 0.52, 0.50, 0.53, 0.51. Mashimo ya barabarani hayana adabu hiyo: 0.3, 1.4, 0.6, 0.35. Basi programu haiongezi hatua ya kwanza inapoiona. Inaiweka pembeni, inasubiri mpaka zifuatane nane zenye nafasi zinazolingana, ndipo inaziongeza zote nane kwa pamoja. Nafasi zikivurugika, inazitupa na kuanza upya.

Bei yake ni kwamba safari ya kutoka sebuleni kwenda jikoni haihesabiwi kamwe, kwa kuwa haifiki hatua nane. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi naona ni biashara nzuri: afadhali kukosa hatua ishirini za ndani ya nyumba kuliko kupewa elfu mbili za kukaa kwenye kiti cha basi. Lile lengo maarufu la hatua 10,000 lenyewe lilianza na kihesabu hatua cha kiunoni kilichouzwa Japani na kampuni ya Yamasa mwaka 1965, kwa hiyo hakuna haja ya kugombania hatua ishirini. Umbali na kalori nazo hukadiriwa tu juu ya hatua: hatua 6,450 zikizidishwa kwa mita 0.7 ni kilomita 4.5, lakini mrefu na mfupi hawana hatua ya mita 0.7 wote wawili.

Utajuaje kama programu yako, au uliyoinunua, inahesabu sawasawa? Tembea hatua mia moja ukizihesabu kwa mdomo, simu ikiwa mfuko wa mbele wa suruali. Rudia ikiwa mkononi, kisha ndani ya mkoba begani. Uone pia inasema nini ukikaa kwenye basi dakika kumi, na ukikaa kwenye kiti huku ukitikisa mguu. Mtikisa mguu ataishinda karibu kila programu, maana mpangilio wake ni mzuri kuliko wa mtembeaji. Kama wewe ndiye mwandishi, kila jaribio hifadhi vipimo ghafi kwenye faili pamoja na saa zake. Ukibadili kichujio kesho, unapitisha tena matembezi yaleyale ya jana na kuona kama hatua mia bado ni mia. Bila faili hizo, kila badiliko litakutaka utoke nje kutembea upya, na hutajua kama tofauti imeletwa na kichujio au na suruali.

Kundi moja litakupa shida hata baada ya yote haya: wazee, na watu wanaotembea kwa kuburuta miguu kwa sababu ya maumivu au ugonjwa. Mguu wao hautui kwa kishindo. Wimbi lao linafika +0.5 au +0.6, halivuki +1.0, na programu inawasomea sifuri siku waliyojitahidi kuzunguka uwanja mara mbili. Ukishusha kizingiti kwa wote, unafungua tena mlango wa daladala. Njia inayofanya kazi ni kumwomba mtumiaji, mara ya kwanza anapofungua programu, atembee hatua ishirini kwa mwendo wake, simu ikiwa mahali anapopenda kuiweka. Programu ipime urefu wa mawimbi yake na kuweka kizingiti kwenye nusu ya kilele chake cha kawaida. Kwa mzee wa wimbi la 0.6 kizingiti kitakuwa 0.3, na mpaka wa kushuka upunguzwe kwa uwiano huohuo, uwe −0.15. Sharti la hatua nane zinazolingana kwake likazwe zaidi, nafasi zikaribiane zaidi kabla ya kuhesabiwa, kwa sababu kwa kizingiti cha chini namna hiyo hata feni iliyo juu ya meza ilipowekwa simu inaweza kuonekana inatembea.